Simu 1,840 kwa masafa ya simu 190: Siri iko kwenye seli

Ni siku ya watani wa jadi, Simba na Yanga, Uwanja wa Benjamin Mkapa umejaa. Bao linaingia. Mtu anatoa simu ampigie kaka yake aliyeko Mwanza. Alama za mtandao zimejaa zote juu ya kioo, lakini simu haiendi. Anarudia mara ya pili, ya tatu, bado.

Wengi huishia kusema "mtandao mbovu". Lakini mnara unafanya kazi vizuri, na mawimbi yake yanafika simuni bila shida. Kilichoisha ni nafasi. Kuelewa nafasi hizo zinatoka wapi, na kwa nini mahali pengine zinatosha, kunahitaji penseli, daftari na hesabu ambazo mwanafunzi wa sekondari anaziweza.

Kwa ufupi

- Kila kampuni ya simu ina kipande kidogo tu cha masafa ya redio.
- Mji hugawanywa katika maeneo madogo yanayoitwa seli, kila moja na mnara wake wenye nguvu ndogo.
- Masafa yaliyotumika katika seli moja hutumika tena katika seli nyingine iliyo mbali kidogo.
- Ugumu wote uko kwenye swali moja: mbali kiasi gani?

Masafa ni kama viwanja, hayaongezeki

Neno masafa lina maana mbili, na hapa halimaanishi umbali. Masafa ya redio ni idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde, na hupimwa kwa hezi. Megahezi moja ni mitetemo milioni moja kwa sekunde.

Redio, televisheni, ndege, polisi na simu vyote vinatumia anga hiyo hiyo. Ndiyo maana kila nchi ina mamlaka ya kugawa masafa, kama TCRA kwa Tanzania na CA kwa Kenya. Kampuni ya simu haiwezi kuamka asubuhi na kutumia masafa inayoyapenda. Inatumia kipande ilichopewa kwenye leseni, basi.

Tuchukue mfumo wa GSM, yaani ile 2G inayobeba simu za kitochi hadi leo. Katika bendi yake ya megahezi 900, simu huongea na mnara kwa masafa ya 890 hadi 915, na mnara huijibu simu kwa 935 hadi 960. Kila upande una upana wa megahezi 25.

Upana huo hukatwa vipande vya kilohezi 200, na kila kipande huitwa chaneli. Gawanya 25 kwa 0.2 unapata 125. Nafasi ya kipande kimoja huachwa pembeni ili kuzuia kugongana na watumiaji jirani, zinabaki chaneli 124. Na hizo si za kampuni moja, zinagawanywa kwa kampuni zote zinazotumia bendi hiyo.

Chaneli moja haibebi mtu mmoja. GSM huigawa kwa zamu nane, na kila zamu hudumu milisekunde 0.577. Simu ya kwanza inatuma kipande cha sauti, inanyamaza, ya pili inatuma, hadi ya nane, kisha zamu inarudi kwa ya kwanza. Mzunguko mzima unachukua chini ya milisekunde 5, kwa hiyo sikio halisikii kukatika kokote.

Sasa tuweke kampuni ya mfano ambayo imepewa chaneli 24. Zidisha kwa zamu 8, unapata zamu 192. Toa 2 ambazo mnara unazitumia kwa kazi zake, kama kuita simu na kupanga nani apewe nafasi ipi. Zinabaki 190.

Kwa hiyo kama kampuni hiyo ingesimamisha mnara mmoja mrefu katikati ya mji, watu 190 tu wangeweza kuongea kwa wakati mmoja. Wa 191 angesubiri.

Walianza na mnara mmoja, wakakwama

Hilo lilitokea kweli. Mwaka 1946, mjini Saint Louis nchini Marekani, ilianza huduma ya simu za kwenye magari kwa mtambo mkubwa uliofunika mji mzima. Chaneli zilikuwa chache, na mtu mmoja akiongea, chaneli yake ilikuwa haitumiki na mwingine yeyote katika mji wote.

Shida haikuisha kwa miaka mingi. Katikati ya miaka ya 1970, jiji la New York lilikuwa na chaneli 12 tu za huduma hiyo. Wateja waliounganishwa hawakufika 600, huku maelfu wakiwa kwenye orodha ya kusubiri.

Jibu lilikuwa limeshaandikwa kwenye karatasi zamani. Mwaka 1947, mhandisi Douglas Ring wa Maabara za Bell aliandika waraka wa ndani akipendekeza eneo ligawanywe katika seli nyingi ndogo, na masafa yarudiwe kutoka seli moja hadi nyingine. Lakini vifaa vya kuendesha mpango huo havikuwepo. Mtandao wa kwanza wa kibiashara wa seli ulianza Tokyo mwaka 1979, na wa kwanza Marekani ukaanza Chicago mwaka 1983.

Punguza nguvu, rudia masafa

Fikiria shule. Asubuhi mstarini, mwalimu mkuu anatumia kipaza sauti na shule nzima inamsikia. Wakati huo hakuna mwalimu mwingine anayeweza kuongea akasikika. Lakini saa ya vipindi, walimu kumi wanaongea kwa pamoja katika madarasa kumi bila kusumbuana, kwa sababu kila mmoja anatumia sauti ya kutosha darasa lake tu, na kuta na umbali vinafanya kazi iliyobaki.

Minara hufanya hivyo hivyo. Badala ya mnara mmoja wenye nguvu nyingi, kampuni inaweka mingi yenye nguvu ndogo. Eneo linalohudumiwa na mnara mmoja ndilo seli.

Kinachosaidia ni kwamba mawimbi hufifia haraka. Katika anga tupu, ukiuzidisha umbali mara mbili, nguvu ya wimbi inabaki robo. Lakini mjini kuna nyumba, miti na wimbi linalodunda ardhini. Huko wahandisi hutumia kanuni ya kukadiria kuwa umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu hupungua mara 16. Ukiongezeka mara tatu, hupungua mara 81. Yaani ni umbali unaozidishwa kwa wenyewe mara nne: 2 × 2 × 2 × 2 ni 16, na 3 × 3 × 3 × 3 ni 81.

Maana yake, ukienda mbali kidogo tu, mnara ule wa kwanza unakuwa kama mnong'ono. Hapo masafa yake yanaweza kutumika upya.

Kwa nini huchorwa pembesita?

Kwenye vitabu seli huchorwa kama masega ya nyuki. Antena inayotuma pande zote hufunika eneo la duara. Lakini ukipanga maduara, ama yanaacha mapengo katikati au yanapandana. Pembesita hupangika bila pengo, na umbo lake linakaribia duara kuliko pembetatu au mraba.

Huo ni mchoro wa kupigia hesabu tu. Ukipima mawimbi mtaani, seli halisi haina umbo hilo hata kidogo. Ghorofa linaikata upande mmoja, barabara pana inairefusha upande mwingine, na bahari inaifanya ifike mbali sana.

Chora mji wako

Sasa ingia kwenye daftari. Kampuni yetu ina chaneli 24. Zigawe katika mafungu manne: A, B, C na D. Kila fungu lina chaneli 6. Seli nne zenye mafungu manne tofauti huitwa kundi. Ndani ya kundi, hakuna chaneli inayotumika mara mbili. Kundi likiisha, linaanza lingine na herufi zile zile.

Chora pembesita kwa mistari, mstari wa pili na wa nne ukisogea nusu seli kulia, kisha weka herufi hivi:

```
A   B   A   B
  C   D   C   D
B   A   B   A
  D   C   D   C
```

Angalia A yoyote. Hakuna A nyingine inayogusana nayo. Ili kuifikia A inayofuata, kwa mwelekeo wowote kati ya sita zilizoizunguka, unavuka seli moja yenye herufi nyingine. Jaribu B, C na D, utaona hali ni ile ile.

Sasa hesabu. Kila seli ina chaneli 6, kwa zamu 8 ni 48. Toa 2 za kazi za mnara, zinabaki 46. Kama mji una seli 40, ni 40 × 46, sawa na simu 1,840 kwa wakati mmoja.

Kampuni ile ile, leseni ile ile, chaneli zile zile 24. Mnara mmoja ulibeba simu 190. Seli 40 zinabeba 1,840. Kila chaneli sasa inatumika mara 10 katika mji mmoja, kwa sababu mji una makundi 10.

Mbali kiasi gani ndiyo salama?

Hapa ndipo pana hesabu yenyewe. Kwenye seli ya A, simu inasikia mnara wake. Lakini pia inasikia kwa mbali minara mingine sita ya A iliyoizunguka, inayotuma kwenye chaneli hizo hizo. Huo ndio mwingiliano.

Umbali kati ya mnara wa A na mnara wa A mwingine hupatikana kwa kanuni hii, ambapo R ni nusu kipenyo cha seli na N ni idadi ya seli katika kundi:

```
D = R × √(3 × N)
```

Kwa kundi la seli 4, 3 × 4 ni 12. Kipeuo cha pili cha 12 ni 3.46. Kama nusu kipenyo cha seli ni kilomita 1, minara ya herufi moja iko kilomita 3.46 mmoja hadi mwingine.

Chukua simu iliyo ukingoni mwa seli yake, kilomita 1 kutoka kwa mnara wake. Hapo ndipo mambo ni magumu zaidi. Minara sita inayoingilia iko kama kilomita 3.46, kwa hiyo mawimbi ya kila mmoja yamefifia zaidi. Mara ngapi? 3.46 ikizidishwa kwa yenyewe mara nne, ambayo ni 12 × 12, yaani mara 144.

Lakini ni minara sita inayosumbua kwa pamoja. 144 gawanya kwa 6 ni 24. Simu inasikia mnara wake kwa nguvu mara 24 kuliko jumla ya kelele za minara yote sita.

Je, 24 inatosha? GSM iliundwa ifanye kazi ikiwa mawimbi halali yana nguvu kama mara 8 ya yale yanayoingilia. Kwa hiyo 24 iko juu ya mstari. Jedwali fupi linaonyesha makundi mengine yanafikaje, kwa hesabu hiyo hiyo:

- Kundi la seli 1, yaani kila seli inatumia chaneli zote: mara 1.5
- Kundi la seli 3: mara 13.5
- Kundi la seli 4: mara 24
- Kundi la seli 7: mara 73.5

Mifumo ya zamani ya analojia, kama ule wa Chicago, ilihitaji mawimbi halali yawe na nguvu kama mara 63 ndipo sauti iwe safi. Ndiyo sababu ilitumia kundi la seli 7. Mfumo wa kidijitali unavumilia kelele zaidi, kwa hiyo kundi linaweza kuwa dogo na kila seli ikapata chaneli nyingi zaidi.

Lakini kama kundi la seli 3 linafika 13.5, na kinachohitajika ni 8, kwa nini tusilichukue? Kila seli ingepata chaneli 8 badala ya 6, na mji ungebeba simu 2,480.

Shida ni kwamba hesabu yetu ni ya makadirio. Tumeichukulia minara yote sita kuwa iko umbali sawa na simu. Kwa kweli simu ikiwa ukingoni, mnara mmoja kati ya sita unaweza kuwa karibu zaidi, na mwingine mbali zaidi. Pia mawimbi hupanda na kushuka ghafla mtu anapopita nyuma ya ukuta au basi. Mhandisi akibana sana, hesabu inapita kwenye karatasi lakini mtaani simu zinakatika. Kwa hiyo huacha akiba.

Huo ndio mvutano wenyewe: kundi dogo linaleta nafasi nyingi na kelele nyingi. Kundi kubwa linaleta sauti safi na nafasi chache.

Nafasi 46, wateja zaidi ya elfu

Mtu anaweza kuuliza: seli ina nafasi 46 tu, mbona mtaa wenye watu elfu moja unapiga simu bila tabu?

Kwa sababu hawaongei wote kwa pamoja. Tuseme katika saa yenye shughuli nyingi, kila mteja anaongea kwa wastani wa dakika moja na nusu. Hiyo ni sehemu moja tu ya 40 ya saa. Ingekuwa simu zinapangwa foleni nzuri, nafasi moja ingehudumia wateja 40.

Lakini simu hazipangi foleni. Dakika hii zinakuja nyingi, dakika inayofuata chache. Mwanahisabati wa Denmark, Agner Krarup Erlang, alitoa kanuni ya jambo hili mwaka 1917, wakati wa simu za waya, na inatumika mpaka sasa. Kwa kanuni yake, kama tunakubali simu 2 kati ya 100 zikose nafasi, basi nafasi 46 zinaweza kubeba mzigo wa wastani wa simu 36.5 zinazoendelea kwa pamoja. Nafasi zinazobaki ni akiba ya mawimbi ya wapigaji.

36.5 × 40 ni 1,460. Hao ndio wateja ambao seli moja ya mfano wetu inaweza kuwahudumia siku ya kawaida.

Rudi sasa uwanjani. Uwanja wa Mkapa unachukua watu 60,000. Hata tukisema ni mmoja tu kati ya kumi anayetumia kampuni yetu ya mfano, ni watu 6,000. Tuseme seli tatu zinaufikia uwanja, jumla ni nafasi 138. Bao likiingia, mia chache wakipiga kwa dakika moja, nafasi zimekwisha. Kanuni ya wastani imevunjika kwa sababu watu wameacha kupiga kila mmoja kwa wakati wake. Wote wamepiga kwa sababu moja, sekunde moja.

Alama zilizojaa kwenye kioo zinapima nguvu ya mawimbi. Hazisemi kama kuna nafasi.

Ukipanda daladala

Seli ndogo zinaleta kazi nyingine. Mtu anayeongea ndani ya daladala anatoka seli moja na kuingia nyingine kila baada ya dakika chache. Na seli jirani, kama tulivyoona, haitumii chaneli zile zile. Kwa hiyo simu lazima ihame chaneli katikati ya mazungumzo.

Simu ya GSM ikiwa hewani hupima mawimbi ya minara jirani muda wote, ikitumia muda wake mfupi wa mapumziko kati ya zamu. Karibu mara mbili kwa sekunde hutuma ripoti ya mnara wake na ya majirani sita wanaosikika vizuri zaidi. Mtambo unaosimamia minara ukiona jirani mmoja amekuwa na nguvu kuliko mnara wa sasa, unaandaa nafasi huko kwanza, kisha unaiambia simu ihamie chaneli fulani, zamu fulani. Mwenye simu hasikii kitu, au anasikia kukatika kidogo sana.

Kama seli inayofuata imejaa, hakuna nafasi ya kuandaa. Simu inaendelea kung'ang'ania mnara wa nyuma mpaka mawimbi yanakwisha, na mazungumzo yanakatika. Ndiyo maana kuna kona za barabara ambapo simu hukatika jioni kwenye foleni, lakini saa tano asubuhi hazikatiki.

Tambua tatizo lako ni lipi

Matatizo matatu hufanana kwa mtumiaji, lakini chanzo chake si kimoja.

*Alama zimejaa, simu haiendi.* Seli imejaa. Ukijaribu tena baada ya dakika chache, au ukisogea mtaa wa pili, inakubali. Dawa kwa kampuni ni kuongeza seli. Ukikata nusu kipenyo kwa nusu, eneo la seli moja linakuwa robo, hivyo pale palipokuwa na seli 1 zinaingia 4, na nafasi zinakuwa mara 4. Njia nyingine ni kuweka antena tatu kwenye mnara mmoja, kila moja ikitazama upande wake, ili kila upande uwe seli yake na upokee kelele kutoka pande chache. Kwa tukio la siku moja, huletwa mnara wa muda juu ya gari.

*Alama zimejaa, sauti inakwaruza au inakatika-katika.* Mara nyingi huu ni mwingiliano. Hutokea sana ghorofa za juu. Mtu wa ghorofa ya 15 hana nyumba za kumkinga, kwa hiyo simu yake inasikia minara ya mbali yenye herufi ile ile. Wahandisi huinamisha antena zitazame chini kidogo, ili mawimbi yaishie ndani ya seli yake. Mnara mrefu sana mjini unaweza kuwa kero badala ya msaada.

*Alama moja au hakuna.* Mawimbi hayafiki. Hili ndilo la vijijini zaidi, ambako seli huachwa kubwa kwa sababu watu ni wachache. Lakini hata huko kuna mpaka. Kwa kawaida GSM haiendi zaidi ya kilomita 35 kutoka mnarani, hata kama nguvu inatosha. Wimbi linachukua muda kusafiri, na likichelewa zaidi ya hapo linaingia kwenye zamu ya mtu mwingine.

Na 3G na 4G je?

Hizi zilibadilisha swali. Katika 3G na 4G, seli zote kwa kawaida hutumia masafa yale yale, yaani kundi la seli 1. Jedwali letu lilionyesha kuwa hapo mawimbi halali yana nguvu mara 1.5 tu ya kelele ukingoni, ambayo GSM isingeiweza.

3G huweza kwa kumpa kila mtumiaji msimbo wake, na simu huchuja msimbo wake kutoka kwenye mchanganyiko, kama mtu anayesikia anaitwa kwa jina lake sokoni. 4G hukata masafa katika vipande vyembamba sana na kuvigawa upya kila milisekunde. Ukingoni mwa seli hupunguza kasi, hutuma data kwa njia ya pole inayovumilia kelele, na minara jirani inaweza kupeana taarifa ili isigongane kwenye kipande kimoja.

Kwa hiyo kelele haikuondoka. Imebadilisha sura. Kwenye 2G iliyojaa, simu inagoma kabisa. Kwenye 4G iliyojaa au ukingoni mwa seli, bando lipo, alama zipo, ila video inazunguka tu.

Zoezi la darasani

Kampuni ina chaneli 21 za GSM na mji wenye seli 28. Kila seli hutoa zamu 2 kwa kazi za mnara. Tafuta simu zinazoweza kuendelea kwa wakati mmoja ikiwa kundi ni la seli 7, kisha ikiwa ni la seli 3.

Kundi la seli 7: chaneli 3 kwa seli, zamu 24, toa 2, zinabaki 22. Zidisha kwa 28, ni simu 616. Mawimbi halali ni mara 73.5 ya kelele.

Kundi la seli 3: chaneli 7 kwa seli, zamu 56, toa 2, zinabaki 54. Zidisha kwa 28, ni simu 1,512. Mawimbi halali ni mara 13.5 ya kelele.

Swali la mwisho halina jibu moja, na linafaa kujadiliwa: kama mji huo una vilima na maghorofa mengi, ungechagua kundi lipi?